Barua kwa benki: kiasi cha kulipa kipimwe kwa mwezi wa kusi

Kila meneja wa tawi la benki amezisoma barua za aina moja hadi amezizoea. Mteja anaanza na salamu, anaeleza kwamba hali ya maisha ni ngumu, anataja watoto wanaosoma, kisha anaomba "kupunguziwa rejesho" au "kuongezewa muda". Barua inaishia hapo. Haisemi apunguziwe hadi shilingi ngapi, aongezewe miezi mingapi, wala fedha za kulipa hicho kidogo zitatoka wapi. Afisa mikopo aliyekabidhiwa barua hiyo hana cha kupeleka kwenye kamati ya mikopo, basi inakaa kwenye faili huku siku za kuchelewa zikiendelea kuhesabiwa.

Barua inayofanyiwa kazi ni ile iliyo na namba moja iliyopigiwa hesabu, yaani kiasi ambacho familia inaweza kulipa kila mwezi bila kukosa, pamoja na maelezo ya namna kiasi hicho kilivyopatikana. Katika pwani ya Tanga namba hiyo ina mtego wake, kwa kuwa kipato cha nyumba nyingi hupanda na kushuka kufuata upepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, bahari huwa tulivu na samaki hupatikana. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili, mawimbi huwa makubwa, vyombo vidogo vinakaa pwani siku nyingi, na anayeishi kwa samaki hukaza mkanda. Anayepiga hesabu yake Februari huiona benki kama rafiki, lakini ikifika Juni anaanza kuzima simu.

Ufuatao ni mfano uliotungwa kwa ajili ya hesabu tu. Mume na mke wanaishi Makorora, jijini Tanga. Mke ananunua samaki, anawakaanga na kuwauza. Mume alikuwa dereva wa kampuni kwa mkataba, akipokea shilingi 520,000 mkononi kila mwezi. Walikopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 36 ili kununua majokofu na kumalizia chumba cha biashara, na dhamana ni nyumba wanayoishi. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, inayotozwa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi ni kama shilingi 433,830, na hulipwa tarehe 28.

Mwishoni mwa Mei mkataba wa mume ukaisha na haukuhuishwa. Akachukua bajaji ya mtu, ambayo anaipelekea hesabu kila siku. Juni, Julai na Agosti walilipa rejesho kamili kwa kuchota akiba, na sasa Septemba imeingia akiba ikiwa imekwisha. Wameshalipa marejesho 14 bila kuchelewa na yamebaki 22. Salio la mtaji ni kama shilingi 8,078,000.

Siku za kuandika barua ni hizi, kabla ya tarehe 28 ya kwanza kupita bila malipo. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania, mkopo uliokaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na benki hulazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayoweza kutokea. Mteja anayeomba kabla ya kuchelewa anamwepusha meneja na mzigo huo, kwa hiyo kuna maslahi ya pande mbili mezani. Anayesubiri hadi siku ya 100 anakuta faili lake limehamia idara ya ukusanyaji madeni, na huko mazungumzo huwa ya namna nyingine. Katika mikopo ya dhamana ya nyumba, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe kwanza notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Watu wengi huandika barua yao ya kwanza notisi hiyo ikiwa tayari mkononi.

Hesabu inaanzia kwenye daftari. Mke ana kumbukumbu za miezi sita za faida halisi, yaani kilichobaki baada ya kutoa bei ya samaki, mafuta ya kukaangia, kuni, barafu na usafiri. Machi alipata 610,000. Aprili 480,000. Mei 390,000, Juni 360,000, Julai 370,000 na Agosti 410,000. Wastani wake ni kama 436,700, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wakiandika wastani, kuna miezi minne katika hiyo sita ambayo hawataufikia, hasa Mei, Juni na Julai kusi ikiwa kali. Benki haipokei wastani. Inapokea rejesho la mwezi huu, tarehe hii. Basi kinachoandikwa ni mwezi dhaifu kuliko yote, yaani 360,000. Kwa bajaji pia ni hivyohivyo: baada ya kutoa hesabu ya mwenye chombo na mafuta, mume alibakiwa na 330,000 Juni, 310,000 Julai na 325,000 Agosti, kwa hiyo kinachoandikwa ni 310,000. Jumla ya kipato cha mwezi dhaifu ni shilingi 670,000.

Upande wa matumizi unahitaji ukweli wa aina nyingine. Kuna watu hujibana kwenye karatasi ili waonekane wana nia njema, wakaandika chakula cha familia ya watu watano shilingi 90,000. Afisa mikopo ananunua unga katika soko lilelile, naye ataona kwamba hesabu ni ya kupendeza macho tu. Familia hii inaandika chakula 200,000, maji na umeme 35,000, mkaa na gesi 30,000, mahitaji ya shule na nauli za watoto 45,000, simu na nauli za wazazi 25,000, kikoba 20,000, na dawa 15,000. Jumla ni 370,000. Kikoba kimeandikwa kwa sababu ni ahadi ya kweli, na kukificha hakukufuti. Kama kuna mikopo ya simu nayo huandikwa, maana benki itachungulia taarifa za mkopaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, na deni lililofichwa likionekana linachafua hata namba zilizokuwa sahihi.

Ukitoa 370,000 kwenye 670,000 kinabaki 300,000. Familia haiahidi 300,000 yote. Inaahidi 270,000 na kuacha 30,000 kwa mtoto atakayeamka na homa au bajaji itakayolala gereji siku mbili. Wafanyakazi wa mishahara wamezoea kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, lakini kanuni hiyo haijui familia ina watoto wangapi. Inaonyesha mwisho wa makato tu. Kiasi cha kuahidi kinatoka kwenye daftari la nyumba.

Kabla ya kuiandika 270,000 kwenye barua, kuna jaribio moja ambalo kila mkopaji anaweza kulifanya kwa kikokotoo cha simu. Salio linazidishwa kwa riba ya mwaka, kisha linagawanywa kwa 12. Hapa ni 8,078,000 mara asilimia 18, gawanya kwa 12, jibu ni shilingi 121,170. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Rejesho lililo chini ya hapo haligusi mtaji hata kidogo, na deni litakua huku mtu akilipa kila mwezi. Mwenye kuomba alipe 100,000 anaomba, bila kujua, deni lake liongezeke. Hata 150,000 si kitu kikubwa, kwa kuwa baada ya riba zinabaki kama 29,000 tu za kupunguza mtaji, na mkopo ungechukua miezi 111, zaidi ya miaka tisa. Hakuna kamati itakayopitisha hilo kwa mkopo wa biashara ndogo. Lakini 270,000 inalipa riba na kupunguza mtaji kwa karibu 149,000 tangu mwezi wa kwanza.

Muda unaohitajika unapatikana kwa afisa mikopo, au kwenye jedwali la hesabu la simu kwa kuandika mstari huu, ambao unataja riba ya mwezi, rejesho na salio:

```
=NPER(0.18/12, -270000, 8078000)
```

Jibu ni 40. Badala ya miezi 22 iliyobaki, familia inaomba 40, yaani nyongeza ya miezi 18. Mstari huo unafaa kwa riba ya salio linalopungua tu. Mikopo mingi midogo hutozwa riba ya moja kwa moja juu ya mtaji wote wa mwanzo, na huko hesabu ni tofauti, kwa hiyo la kwanza ni kuomba benki taarifa ya salio na jedwali la marejesho.

Nafuu hiyo ina bei yake, na wazazi wote wawili waijue kabla ya kutia saini. Kwa mpango wa zamani walibakiza marejesho 22 ya 433,830, jumla 9,544,260. Kwa mpango mpya ni marejesho 40 ya 270,000, jumla 10,800,000. Tofauti ni kama shilingi 1,256,000, kabla ya ada yoyote ya kubadilisha mkataba au nyongeza ya bima ya mkopo. Hiyo ndiyo gharama ya kupumua. Katika mikopo ya murabaha, ambayo wapo wengi Tanga wanaoichagua kwa sababu za dini, msingi ni tofauti: bei ya kuuzia imeshafungwa tangu mwanzo, na kurefusha muda hakupaswi kuiongeza. Mwenye mkopo wa namna hiyo aombe neno hilo liandikwe.

Kwa sababu ya gharama hiyo, ni vema familia ijiulize kama shida yake ni ya muda au imekuja kukaa. Mume angekuwa amevunjika mguu na atarudi kazini baada ya miezi mitatu kwa mshahara uleule, ombi la kufaa lingekuwa kulipa riba tupu kwa miezi mitatu, 121,170 kila mwezi, kisha kurudi kwenye 433,830. Nafuu hiyo ingewagharimu kama 363,500 tu. Lakini mkataba umekwisha na kazi nyingine ya 520,000 haijaonekana. Miezi mitatu ya riba tupu ingewafikisha Desemba wakiwa na rejesho lilelile lisilolipika. Ombi linaloendana na shida yao ni kurefusha muda.

Jambo hili si upendeleo wa ajabu. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ilitangaza kwamba itakuwa na unafuu wa kikanuni kwa benki zitakazopanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Kila mkopo ulitakiwa kuangaliwa kwa hali yake, haukuwa msamaha wa jumla. Hata leo hakuna anayepata kwa sababu jirani yake alipata. Kila faili linasimama kwa namba zake.

Barua yenyewe haizidi kurasa mbili. Ya familia hii ingekuwa hivi:

Jina la mkopaji,
S.L.P. …,
TANGA.
Simu: …

Tarehe: 8 Septemba

Meneja wa Tawi,
Jina la benki,
S.L.P. …,
TANGA.

YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA MKOPO NAMBA …

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa tawi lako. Nilipewa mkopo wa shilingi 12,000,000 wa miezi 36, rejesho likiwa shilingi 433,830 kila tarehe 28. Nimelipa marejesho 14 bila kuchelewa. Kwa hesabu yangu salio la mtaji ni shilingi 8,078,000, na naomba benki ilithibitishe.

Tarehe 31 Mei mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha na haukuhuishwa. Mshahara wake ulikuwa shilingi 520,000. Sasa anaendesha bajaji. Marejesho ya Juni, Julai na Agosti tumeyalipa kwa akiba yetu, ambayo imekwisha. Kuanzia Septemba hatutaweza kulipa rejesho la sasa.

Kipato chetu katika mwezi dhaifu ni shilingi 670,000: biashara ya samaki 360,000 na bajaji 310,000. Matumizi ya lazima ya familia ya watu watano ni shilingi 370,000, kwa mchanganuo ulioambatishwa. Kinachobaki ni shilingi 300,000.

Naomba rejesho liwe shilingi 270,000 kwa mwezi, kwa muda wa miezi 40 kuanzia tarehe 28 Septemba, riba ikibaki asilimia 18 kwenye salio linalopungua. Kiasi hiki kinalipa riba yote ya mwezi na kupunguza mtaji.

Naomba pia niruhusiwe, miezi ya kaskazi biashara ikichangamka, kulipa zaidi ya kiasi hicho bila adhabu, na nyongeza hiyo ipunguze mtaji.

Nimeambatisha nakala ya barua ya kuisha kwa mkataba, kurasa za daftari la mauzo za Machi hadi Agosti, taarifa ya simu ya miamala ya miezi sita, na mchanganuo wa matumizi. Niko tayari kufika ofisini, na biashara iko wazi kukaguliwa siku yoyote.

Naomba majibu kwa maandishi pamoja na jedwali jipya la marejesho na ada zozote zitakazotozwa.

Wako mtiifu,
(saini ya mkopaji)

Nimesoma na ninakubaliana na ombi hili:
(saini ya mwenzi)

Saini ya mwenzi haikuwekwa kwa adabu tu. Nyumba ya familia haiwekwi rehani kisheria bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na benki inapobadilisha masharti ya mkopo wenye dhamana hiyo, kwa kawaida itawaita wote wawili watie saini upya. Wadhamini nao huitwa. Ni heshima, na pia busara, mdhamini asikie habari hizi kutoka kwa familia kabla ya kupigiwa simu na benki. Shemeji aliyeshtukizwa kazini kwake anaweza kugoma kusaini, na faili likakwama kwa sababu yake.

Ombi la kulipa zaidi miezi ya kaskazi linaonekana dogo lakini lina uzito. Kila 100,000 inayopunguza mtaji inaondoa shilingi 1,500 ya riba kila mwezi kwa muda wote unaobaki. Machi mke alipata 250,000 zaidi ya Juni. Akipeleka hata nusu yake benki katika miezi minne ya kaskazi, ile gharama ya 1,256,000 inaanza kupungua na mkopo utaisha kabla ya miezi 40. Bila ruhusa iliyoandikwa, fedha ya ziada huenda ikakaa tu kwenye akaunti ikisubiri rejesho la mwezi ujao, na riba ikaendelea kutozwa kwenye salio lilelile. Dalili ni rahisi kuiona: mtu akilipa zaidi, aombe taarifa ya mkopo mwezi unaofuata aangalie mstari wa riba. Usiposhuka kuliko jedwali linavyosema, malipo yake hayajagusa mtaji.

Barua hupelekwa nakala mbili. Moja inabaki benki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nyumbani. Neno la mdomo la afisa mikopo, hata awe mtu mwema wa mtaa huohuo, halibadilishi mkataba. Tarehe 28 Septemba ikifika kabla ya majibu, familia inalipa 270,000 hivyohivyo, ikijua kwamba 163,830 iliyopungua itahesabiwa kuwa imechelewa mpaka benki ikubali kwa maandishi. Malipo hayo yanaionyesha kamati kwamba namba iliyo kwenye barua ni ya kweli.

Majibu yakija, mara nyingine huwa na pendekezo lingine: mkopo mpya mkubwa zaidi, wa kulipa ule wa zamani na kubakiza fedha kidogo mkononi. Kwa familia iliyochoka, hizo fedha za mkononi ni kishawishi kikubwa. Cha kuangalia ni rejesho jipya. Likizidi 270,000, daftari la Juni limeshajibu. Likiwa chini ya hapo, linazidishwa kwa idadi ya miezi na jumla yake kulinganishwa na 10,800,000, kisha zinaongezwa ada ya kuanzisha mkopo na bima, ambazo hutozwa upya kana kwamba mteja amekuja leo.

Benki ikikataa, familia iombe sababu kwa maandishi na kuuliza kiasi ambacho kamati ingekikubali. Mara nyingi pengo si kubwa. Kamati inaweza kusema miezi 36 badala ya 40, na rejesho likawa kama 292,000, ambalo bado linaingia ndani ya 300,000 ingawa akiba ya dharura inabaki 8,000 tu. Hapo ndipo wazazi hukaa chini na mchanganuo wao wa matumizi na kutafuta 20,000 ya kuondoa, kabla ya kusema ndiyo. Na kama benki haijibu kabisa, au inatoza tofauti na ilichoandika, malalamiko hupelekwa kwanza kwa benki yenyewe kwa maandishi. Yasipotatuliwa, Benki Kuu ina dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa mabenki, na kule kitu cha kwanza kuulizwa ni ile nakala yenye muhuri.